Namba au pumzi: mapigo ya moyo kwenye mlima wa Kadutu

“Nina miaka 58, ni mama mwalimu, naishi Kadutu hapa Bukavu. Niko na tansiyo, nakunywa atenololi ya miligramu 50 kila asubuhi. Muuguzi wetu aliniambia nikitembea, mapigo yasipite 113. Kijana wangu, yeye anafundisha mpira, anasema nisipofika 130 natembea bure. Nifuate nani?”

Mama mwalimu, hao wawili wote wamepiga hesabu vizuri. Walichosahau ni kidonge.

Wameanza pamoja: 220 ukitoa umri wako inabaki 162, ambayo huhesabiwa kuwa mwisho wa kasi ya moyo wako. Muuguzi amechukua asilimia 70 ya hiyo akapata 113, dari ya mazoezi ya wastani. Kijana amechukua asilimia 80 akapata 130, maana wachezaji wake hujengwa kwa kasi hiyo. Lakini hiyo 162 ni wastani tu wa watu wa rika lako. Ukiwakusanya wanawake kumi wa miaka 58, mmoja anaweza kuishia 150 na mwingine 175, na wote wakawa wazima. Hilo ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba atenololi huuzibia moyo masikio usiisikie sauti ya adrenalini, homoni inayouamuru upige mbio. Ukiwa umekaa, mapigo yako yako chini; ukipanda mlima yanapanda, lakini kwa kamba fupi. Anayekunywa amlodipini, dawa nyingine ya tansiyo, peke yake hana kamba hiyo, kwake namba ya muuguzi ingefaa kama makadirio. Kwako wewe haipimi kitu.

Kazi yangu ni kineziterapi, yaani kutibu watu kwa mazoezi ya mwili, na nimewahi kutembea na mama wa umri kama wako mwenye kidonge hichohicho. Tulifanya hivi. Akiwa amekaa dakika tano, nilimhesabia mapigo dakika nzima: 57. Kisha tukatembea penye tambarare dakika kumi. Tuliposimama nilihesabu papo hapo kwa sekunde 15, nikapata 20, mara nne ni 80. Wakati huo alikuwa akiimba wimbo wa korali yake bila shida, maana yake kazi ilikuwa nyepesi. Tukaingia mwinuko wa kawaida, tukaupanda taratibu: 22, yaani 88, na aliweza kusali “Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe” kwa pumzi moja, ila kuimba kulimshinda. Halafu tukafika pale njia inapokuwa ngazi za udongo. Mapigo 25, yaani 100. Alifika “Baba yetu” akakata, akashika ukuta.

Angalia hiyo 100. Kwa namba ya muuguzi, alikuwa bado na nafasi ya mapigo 13. Kwa namba ya kijana, alikuwa mvivu. Mwili wake ulikuwa umeshafika mwisho. Ningemhimiza atafute 130, angeanguka kabla ya kuiona.

Kwa hiyo wanaosema “fuata pumzi, acha namba” wana hoja nzito, na madaktari wengi wanawaambia hivyohivyo wagonjwa wenye dawa za aina ya atenololi au propranololi. Pumzi haidanganywi na kidonge kirahisi. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Ukiimba, ongeza hatua kidogo. Ukikata maneno mawili mawili, punguza, hata kama mapigo ni 90.

Ila nami sitaki namba zitupwe kwenye shimo la takataka, kwa sababu pumzi nayo ina upofu wake. Kwanza, kuna watu wanaoongea hata wakiwa wanazama. Tunawajua, hasa wakitembea wawili wawili wakisengenya. Pili, pumzi haikwambii kama moyo unapiga kwa mpangilio. Tansiyo ya miaka mingi huchosha vyumba vya juu vya moyo, na kwa watu wengine vinaanza kutetemeka ovyo. Mtu huyo anaweza kutembea na kuongea, kumbe kwenye kifundo cha mkono mapigo yanakuja kama mvua ya kwanza kwenye bati: moja, mawili haraka, kimya, moja. Hilo hulijui mpaka uweke vidole. Ukilikuta, usihesabu sekunde 15; hesabu dakika nzima, acha mazoezi siku hiyo, upeleke habari hiyo kituo cha afya wakupime moyo kwa mashine ya umeme. Hali hiyo inaweza kutuma donge la damu kichwani, na mashine nyingi za tansiyo za nyumbani husoma vibaya mapigo yakiwa hayana mpangilio.

Tatu, namba inafanya kazi nzuri sana asubuhi, kabla hujavaa viatu. Mama yule mwenye 57 za kukaa, akiamka na 80 bila sababu, kuna jambo: homa inakuja, pengine malaria, au hakulala, au amesahau dawa jana. Siku hiyo anabaki nyumbani. Zikipita 100 akiwa amekaa, si suala la mazoezi tena, aende akaonwe. Na zikishuka chini ya 50 huku kichwa kinazunguka au miguu haina nguvu, dozi huenda imezidi. Hilo ni la daktari kuamua. Usiache atenololi mwenyewe ghafla, kwa maana moyo uliozibwa masikio ukifunguliwa kwa kishindo hupiga mbio, na tansiyo inaruka juu.

Msimamo wangu basi ni huu: pumzi iweke mpaka, mapigo yauandike. Fanya kama tulivyofanya na yule mama. Tafuta mwendo ambao unasali lakini huimbi, simama, weka vidole viwili vya kati ndani ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe, lina mapigo yake. Usibonyeze shingoni, kwa mtu mzima inaweza kuleta kizunguzungu. Anza kuhesabu mara moja, kwa sababu ukichelewa hata nusu dakika moyo umeshaanza kutulia. Ukikosea pigo moja katika sekunde 15 umekosea manne kwa dakika, kwa hiyo rudia siku tatu. Ukipata 88, 92, 88, hiyo karibu 90 ndiyo namba yako, si 113 wala 130. Itakufaa siku unatembea peke yako na huna wa kuongea naye. Daktari akibadilisha dozi kuwa miligramu 100, au akikupa dawa nyingine, ifute utafute mpya.

Kuna namba moja ambayo pumzi wala mapigo havikupi, nayo ni tansiyo yenyewe. Wengi hapa wanaipima kwa kichwa: kichwa kikiuma imepanda, kisipouma niko sawa. Si kweli, inaweza kuwa juu sana nawe unacheka. Kaa dakika tano mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, haja ndogo umeshamaliza, pima mara mbili. Muuguzi atakwambia “16 kwa 9” kama tulivyozoea; mashine itaandika 160/90, ni kitu kilekile. Vitabu vingine vya spoti huruhusu hadi 200 kwa namba ya juu. Mimi sikubali hapa kwetu, ambako mlima haukuombi ruhusa. Ikiwa 180 na zaidi, au ya chini 110 na zaidi, usitoke kwa mazoezi, nenda ukaonwe. Kati ya 160 na 180, tembea tambarare tu, bila mzigo. Sababu ni rahisi: ukitembea, namba ya juu inapanda kwa kila mtu, hata mzima. Anayeanzia 130 ana nafasi ya kupandia. Anayeanzia 185 hana.

Niliposema bila mzigo nilimaanisha. Bidoni la lita 20 ni kilo 20 za maji, na hatari yake kubwa haiko njiani bali katika ile sekunde ya kulinyanyua. Mtu anavuta pumzi, anaifunga, anakaza tumbo, anasema “hup!” Tansiyo inaweza kuruka zaidi katika sekunde hizo chache kuliko inavyoruka katika kupanda mlima mzima. Kama lazima unyanyue, pumua nje wakati unanyanyua, gawanya maji katika vibidoni vya lita tano, na kijana wa mpira achukue kubwa. Hiyo ndiyo spoti yake.

Mji wetu una ubaya mwingine: wewe unayeishi juu unaanza kwa kushuka. Ukishuka hadi soko la Nyawera moyo haufanyi kazi kubwa, magoti ndiyo yanaumia, na unaanza kupanda ukiwa umechoka na umebeba mboga. Mtu wa Lubumbashi, penye tambarare, hana shida hii. Kwa hiyo usihesabu soko kama zoezi. Tenga dakika 30, siku tano kwa juma, penye njia isiyo na mwinuko mkali, uanze na dakika tano za polepole na kumaliza na tano nyingine. Hizo za mwisho usiziruke. Ukikatisha matembezi ghafla damu inabaki miguuni, na ukiwa na dawa ya tansiyo macho yanaingia giza. Baada ya matembezi tansiyo hushuka kidogo kwa saa kadhaa. Ukizoea kwa miezi, namba ya juu inaweza kupungua kwa 5 hadi 8. Si nyingi, 16 inakuwa 15 na kitu. Vidonge vinaendelea.

Magoti yakiuma, usikimbilie ibuprofeni au diklofenaki ya dukani kila jioni. Zinazuia chumvi isitoke na zinapandisha tansiyo ileile unayotembea kuishusha. Nimeona watu wakilaumu mlima, kumbe ni kidonge cha magoti.

Vitu ambavyo havingoji kuhesabu: kifua kubana au maumivu kwenda taya na mkono, pumzi kukata ghafla bila mlima, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kuvurugika, kichwa kuuma kwa kishindo kisichowahi kutokea. Kaa chini, mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama dakika kumi baadaye unajisikia nafuu.

Na muuguzi wako usimkasirikie. Utakapoenda kuchukua dawa, mpelekee karatasi yenye mapigo ya asubuhi, mapigo ya kwenye mwinuko na tansiyo za juma moja, umuulize kama 90 anaikubali iandikwe kwenye kadi yako mahali pa 113.