Majibu manne ya 403 kutoa 178

“Mwalimu, nina watoto 80 darasa la nne, kipindi ni dakika 40. Hizo kazi tatu za wepesi, wa kati na wazito nitaziandaa saa ngapi, na nitazisahihisha saa ngapi?”

Swali hilo lilinijia nilipopendekeza watoto wa darasa moja wapewe kazi tofauti kulingana na kiwango cha kila mmoja. Aliyeuliza hivyo anafundisha katika kata moja ya Jiji la Arusha ambako dawati la wawili hukaliwa na wanne, na haulizi kwa uvivu. Mwalimu huyo ana azimio la kazi linalomkimbiza, ana andalio la somo la kujaza kila siku, na mwisho wa mwaka kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ambao karatasi yake ni moja kwa watoto wote, mwepesi na mzito. Ukimwambia agawe darasa mara tatu anaona umemwongezea vipindi viwili asivyolipwa. Wapo pia wanaosema mambo ya kumtazama mtoto mmoja mmoja ni ya walimu wa elimu maalumu waliopita chuo cha Patandi, siyo ya mwalimu wa kawaida mwenye chaki moja. Hoja hizi zina uzito wake na nitazirudia. Ila ndani yake kuna dhana ambayo sikubaliani nayo kabisa: kwamba kazi moja kwa wote ni njia isiyopendelea mtu.

Kazi moja kwa wote ina mtu inayemlenga, na mara nyingi ni yule ambaye angeweza hata bila mwalimu. Jirani zetu wa Kenya walilionja hili miaka ya 1990, katika utafiti uliofanyika Busia. Shule ziligawiwa vitabu vya kiada, kitu ambacho sote tungesema kitainua kila mtoto. Watafiti Glewwe, Kremer na Moulin walipopima, wastani wa alama haukupanda. Waliopanda ni watoto waliokuwa tayari juu kabla vitabu havijafika. Nimelifikiria tokeo hilo mara nyingi, kwa sababu kitabu ndicho kazi moja kwa wote iliyo kamili kuliko zote: ukurasa mmoja, lugha moja, mwendo mmoja. Wengi hawakuweza hata kukisoma, kwani kiliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango cha watoto ambao darasani walikuwa wachache. Hakuna aliyewabagua, wote walikabidhiwa kitabu kilekile, na bado wachache tu ndio walionufaika. Sasa badala ya kitabu weka maswali kumi ya ubaoni, wanaomaliza dakika ya nane wapige kelele, wasioanza wanakili kwa jirani, halafu uniambie tofauti iko wapi.

Tuje kwenye somo lenyewe: kutoa kwa kukopa, pale penye sifuri katikati. Andika ubaoni 403 − 178. Jibu ni 225, lakini madaftari yakikusanywa utakutana na majibu mengine matatu yanayojirudia, na kila moja lina kisa chake.

Anayeandika 375 hakopi kabisa. Katika kila safu anachukua tarakimu kubwa na kuitoa ndogo, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Huyu hajui kwamba 403 ni kitu kimoja kinachoweza kuvunjwa. Kwake ni tarakimu tatu zilizosimama pamoja. Anayeandika 135 anajua kukopa, ila akikuta sifuri kwenye makumi anairuka. Anachukua mia moja na kuipeleka moja kwa moja kwenye mamoja kana kwamba ni kumi, kisha anarudi tena kwenye mamia kukopa kwa ajili ya makumi. Amekopa mia mbili na zikabaki mbili, ndiyo maana mbele kuna 1. Na anayeandika 235 amefanya karibu kila kitu sawa: amevunja mia ikawa makumi 10, akatoa kumi moja kwenda kwenye mamoja, halafu akasahau kwamba makumi yamebaki 9.

Kwenye rekodi watoto hawa watatu wote wamepata kosa moja, na kazi ya nyumbani wanayopewa wote ni “fanya maswali mengine matano”. Kwa wa 235 matano hayo yatasaidia. Kwa wa 375 yatakuwa mazoezi ya kukosea.

Hapa ndipo naona upande wa kazi tofauti haueleweki. Wengi wakisikia makundi matatu wanawaza masomo matatu na rundo la karatasi za kurudufu. Kinachotakiwa ni swali moja la mwisho wa kipindi, liulizwe leo, na madaftari yafunguliwe kwa kuangalia jibu hilo tu. Ukiwa na 80, kila daftari sekunde chache, ni kama robo saa hivi ya kupanga mafungu matatu mezani: wenye 225, wenye 135 na 235, na wenye 375 au jibu lisiloeleweka. Husahihishi wala hupigi vema, unapanga tu. Kesho yake ubao unagawanywa kwa mistari miwili ya wima, na kila fungu linaambiwa safu yake.

Waliopata 225 wasipewe maswali kumi zaidi ya aina ileile. Mtoto akigundua kwamba tuzo ya kumaliza mapema ni kazi maradufu, wiki ijayo hatamaliza mapema. Wape hili: andikeni namba zote za tarakimu tatu ambazo ukizitoa kwenye 403 hukopi hata mara moja, na mnionyeshe mmejuaje kwamba hamkuacha yoyote. Ziko 16, kuanzia 100, 101, 102, 103 hadi 403, na watoto wawili wanaweza kuzozania hilo nusu saa bila kukuita. Fungu la kati hupewa mstari mmoja ulioandikwa hatua kwa hatua: 403 ni mamia 4, makumi 0, mamoja 3, halafu mamia 3, makumi 10, mamoja 3, halafu mamia 3, makumi 9, mamoja 13. Wakishauona wanafanya hivyohivyo kwa namba nyingine mbili, na kila jibu wanalipima kwa kujumlisha. Mwenye 235 akijumlisha na 178 anapata 413, anajiona mwenyewe pale alipopotelea.

Mwalimu anakaa na fungu la tatu. Wanaanza na 43 − 18 kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, kwa sababu lazima mkono uvunje kifungu kabla kalamu haijakopa. Kisha pesa za karatasi za kuchora: una noti nne za elfu kumi na sarafu tatu za mia, na hakuna noti ya elfu hata moja. Lipa 17,800. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza nyanya soko la Kilombero hahitaji kufundishwa kwamba elfu kumi ikavunjwe kwanza iwe elfu elfu kumi, kisha elfu moja ikavunjwe iwe mia mia kumi. Anabaki na 22,500. Ukifuta zile sifuri mbili za mwisho, hiyo ni 403 kutoa 178, na elfu elfu 9 zilizobaki mkononi ndizo makumi 9 ambayo wenzake walisahau.

Dakika nane za mwisho wote wanarudi kwenye swali moja: 504 − 286. Jibu ni 218. Atakayeiruka sifuri ataandika 128, aliyesahau ataandika 228, na ambaye bado hakopi ataandika 382. Madaftari ya leo yamekupa mafungu ya kesho bila mtihani wowote. Na swali hilo la pamoja halina hiari. Kosa kubwa la walimu wanaojaribu njia hii ni kuwaacha wazito na vijiti vyao muhula mzima huku wengine wakisonga mbele, halafu karatasi ya taifa inawakuta na maswali ambayo hawajawahi kuyaona. Hapo wanaolalamika kuhusu mtihani mmoja wana haki kabisa.

Wana haki pia wanaohofia majina ya makundi. Kuna mwalimu aliyeona amefanya ustaarabu kuyaita makundi yake Kilimanjaro, Meru na Themi. Kwa mtoto wa Arusha anayejua upi ni mrefu na upi ni kilima tu, fumbo hilo halikuchukua hata siku moja. Dawa ni kutolipatia fungu jina wala kulitengea kona ya kudumu. Ukiona orodha ya fungu la tatu haijabadilika tangu kutoa hadi maumbo na vipimo, ujue umeacha kupanga majibu na umeanza kupanga watoto. Mtoto wa 375 anaweza kuwa wa kwanza kwenye kupima mzingo wa uwanja.

Pingamizi lililo zito zaidi nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa watetezi wenzangu huwa wanalikwepa. Ushahidi maarufu wa kufundisha kwa kiwango cha mtoto haukutoka kwenye hali ya mwalimu aliyeniuliza. Utafiti wa Kenya wa Duflo, Dupas na Kremer, katika shule 121, kwenye karibu nusu ya shule hizo uliwagawa watoto wa darasa la kwanza katika vyumba viwili kwa viwango vyao, kila chumba na mwalimu wake; wa juu na wa chini wote wakapata alama bora kuliko wenzao waliochanganywa. Lakini kulikuwa na mwalimu wa ziada. Nchini India, walimu waliopewa mafunzo na vifaa tu, bila kubadilishiwa ratiba, hawakuleta mabadiliko makubwa. Katika jimbo la Haryana njia ilifanya kazi katika lugha ilipotengwa saa moja maalumu ya siku ya shule, watoto wakapangwa kwa viwango bila kujali darasa lao, na usimamizi ukawepo.

Kwa hiyo tusiidai dakika 40 kazi isiyoiweza. Inaweza kumtoa mtoto kwenye 235 hadi 225, na mara nyingi kwenye 135 pia. Yule wa 375 ambaye baada ya siku tatu za vijiti na noti bado anaandika 382, tatizo lake ni thamani ya nafasi, jambo la darasa la pili, na halitapona ndani ya kipindi chenye watoto 79 wengine. Anahitaji saa nyingine. Shule nyingi zinayo tayari, ila saa hiyo huenda kwa madarasa ya mitihani yanayokaa jioni kupitia maswali ya miaka iliyopita, na humo pia wanaoinuka ni walewale waliokuwa karibu kufaulu. Mwalimu wangu wa watoto 80 akipeleka kwa mwalimu mkuu orodha ya majina 12 pamoja na madaftari yao yaliyofunguliwa penye 375 na 382, ataomba nusu saa ya mara tatu kwa wiki akiwa na kitu cha kuonyesha mezani.