Usikate programu pale ambapo kilo lazima zikubaliane

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umekolea, mtunza ghala mmoja wa hapa Mtwara mjini aliponipigia simu saa mbili usiku. Ni mzee ambaye kwa kawaida hamalizi salamu haraka, lakini siku hiyo alikwenda moja kwa moja: "Kijana wangu, huu mfumo wenu unaniandikia korosho ambazo humu ndani mimi sizioni." Alikuwa amehesabu magunia mara mbili pamoja na wapakuzi wake. Kwenye skrini kulikuwa na kilo 2,300 na ushei zaidi ya zilizokuwa sakafuni.

Miezi mitano kabla ya simu hiyo, timu yetu ya watu watano ilikuwa imeuchukua mfumo huo, uliokuwa programu moja kubwa, na kuukata vipande saba. Nilikuwa mmoja wa waliosukuma uamuzi huo. Maoni yangu leo yametoka kwenye simu ile, maana naona vijana wengi wanaingia kwenye huduma ndogondogo, wengine wanaziita maikroservisi, bila kujua kitu cha kwanza wanachokiachia.

Msomaji asiyetoka Kusini anahitaji kwanza picha ya kazi yenyewe. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya Mtwara inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kijijini kwake, karani anapima na kumwandikia risiti, mzigo unasafiri hadi ghala kuu, unauzwa mnadani, ndipo mkulima analipwa. Kwa hiyo kati ya mizani na fedha kuna siku kadhaa ambazo mkulima hana korosho wala hana hela. Ana maandishi tu. Maandishi yakikosewa, kilichokosewa ni ada ya shule ya mtu na bati za nyumba yake.

Katika programu ya zamani, karani alipobonyeza "Hifadhi", mambo matatu yalitokea ndani ya kanzidata moja ya PostgreSQL:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO mapokezi (mkulima, kilo) VALUES (1187, 412);
UPDATE ghala SET kilo = kilo + 412 WHERE id = 4;
INSERT INTO deni (mkulima, kilo) VALUES (1187, 412);
COMMIT;
```

Mapokezi yanaandikwa, salio la mzigo unaotarajiwa ghalani linaongezeka, na mkulima anaingia kwenye orodha ya wanaodai. Umeme ukikatika baada ya mstari wa pili na kabla ya `COMMIT`, kanzidata ikiwaka tena inafuta yote, kana kwamba karani hakubonyeza kitu. Ama yote matatu yapo, ama hakuna hata moja. Tuliishi na dhamana hiyo miaka minne bila kuitaja kwa jina, kwa sababu hatukuwahi kuigharamia.

Tulipokata, mapokezi yakawa huduma yake yenye kanzidata yake, ghala vivyo hivyo, malipo vivyo hivyo. Sasa huduma ya mapokezi iliandika kwake, ikaipigia huduma ya ghala kwa mtandao, kisha ikaipigia ya malipo. Hakuna `BEGIN` moja inayozifunika kanzidata tatu zilizotengana namna hiyo. Ule muamala mmoja, yaani mambo yote yaliyofungwa pamoja kati ya `BEGIN` na `COMMIT`, ulikuwa umekuwa mazungumzo matatu.

Siku ya tatizo, huduma ya malipo ilikuwa imezidiwa. Karani mmoja alipokea kilo 412 za mkulima na kubonyeza. Mapokezi yakaandikwa, ghala likaongezwa 412, kisha huduma ya malipo ikachelewa kujibu. Baada ya sekunde 10 karani akaona `504 Gateway Timeout`. Nilipomuuliza baadaye alinieleza bila kuficha: "Kaka, iliniambia imeshindikana, na mzee wa watu amesimama mbele yangu anasubiri risiti. Nikarudia." Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Mara ya pili ikapita, na kilo 412 zikawa 824. Makarani wengine kwenye vijiji vingine walikuwa wakikutana na jambo hilohilo alasiri nzima.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukiita kazi iliyo ndani ya programu ileile, itakujibu, au itakurushia kosa, au programu nzima itakufa na wewe ukiwemo. Ukiita kwa mtandao, kuna jibu la nne: kimya. Na kimya kina maana tatu ambazo huwezi kuzitofautisha ukiwa upande wako. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika likashindwa. Au lilifika, likafanyika vizuri kabisa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Ukirudia katika hali ya tatu, umeandika mara mbili. Usiporudia katika hali ya kwanza, umempoteza mkulima kwenye orodha ya malipo. Kuongeza sekunde za kusubiri kutoka 10 hadi 60 hakubadilishi chochote hapo, na tulipoteza siku mbili tukijaribu.

Dawa ipo, lakini inajengwa kwa mkono. Kwanza, kila tukio la kupima likapewa namba yake ya pekee, na namba hiyo inatengenezwa kwenye simu ya karani kabla ya kutuma chochote, ili akirudia mara kumi iende namba ileile. Tuliiita `kumbukumbu`, na kila jedwali linalopokea likawekewa sharti la `UNIQUE` juu yake, linalokataa namba ileile kuingia mara ya pili. Kuna mtego hapa unaowanasa wengi: sharti hilo halikusaidii kitu ukiwa bado unaandika `kilo = kilo + 412` peke yake, kwa sababu kujumlisha hakuachi alama ya kwamba kumeshafanyika. Ilibidi huduma ya ghala ianze kwa kuingiza mstari kwenye jedwali la mienendo ya mzigo. Mstari ukikubaliwa ndipo salio linaongezwa, vyote viwili ndani ya muamala mmoja wa ghala. Ukikataliwa kwa sababu `kumbukumbu` ipo tayari, ghala linajibu "sawa, nimeshaipata" na salio haliguswi.

Pili, huduma ya mapokezi ikaacha kuwapigia wenzake palepale. Ikawa inaandika mapokezi na pia ujumbe wa kutuma kwenye jedwali la pembeni, yaani kikasha cha vinavyotoka, vyote kwa `COMMIT` moja. Kazi nyingine inayozunguka kila sekunde chache inasoma kikasha na kupeleka, na isipopata jibu inarudia hadi ipate. Kwa njia hii hakuna kinachopotea, na kwa sababu ya `kumbukumbu` hakuna kinachoandikwa mara mbili. Lakini kwa sekunde kadhaa, na mtandao ukiwa mbaya kwa saa kadhaa, mapokezi na ghala havikubaliani. Ilibidi nimweleze mtunza ghala kwamba namba anayoiona inaweza kuwa ya zamani kidogo. Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri: "Sasa nitajuaje kama ni ya zamani au ni ya uongo?"

Tulimtengenezea ulinganisho wa kila usiku, unaochukua orodha ya `kumbukumbu` za pande tatu na kuonyesha zisizokuwepo kila mahali kwa zaidi ya saa moja. Ulifanya kazi. Ila nilipohesabu, kurudisha kile ambacho mistari mitano ya SQL ilitupa bure kulitugharimu wiki saba za watu wawili, katikati ya msimu.

Uhai wa mfumo nao ulipungua, na hesabu yake ni ya kalamu tu. Tuseme kila huduma iko hai asilimia 99.5 ya muda. Msimu wa siku 90 una saa 2,160, kwa hiyo huduma moja inalala kama saa 11. Ukizifunga huduma sita katika mnyororo ambamo ombi lazima lipite zote, na kila moja ikianguka kwa wakati wake, unazidisha 0.995 mara sita na kupata kama 0.970. Hizo ni saa 64 za karani kukaa mbele ya foleni ya watu na baiskeli zao bila mfumo. Watu husema huduma ndogondogo zinazuia programu nzima isianguke kwa pamoja. Ni kweli pale tu ambapo huduma moja inaweza kuendelea bila kusubiri nyingine.

Sisi tulikuwa na huduma moja ya namna hiyo, na nitaitetea popote. Ni ile ya kutuma meseji. Baada ya mnada, maelfu ya wakulima wanatumiwa bei kwa wakati mmoja. Katika programu ya zamani kazi hiyo ilimeza seva nzima, karani wa Nanyamba akashindwa kupima mzigo kwa sababu mtu wa Tandahimba anatumiwa meseji ya bei. Tulipoitoa nje na kuiwekea foleni yake, mapokezi yakapumua kabisa. Meseji ikichelewa dakika 20 hakuna hesabu inayoharibika, na tunaipandisha toleo jipya mchana kweupe bila kugusa mizani. Hiyo ndiyo faida halisi ya kukata, na tuliipata kwa kipande kimoja kati ya saba.

Msimu ulipokwisha tulirudisha vipande vitano kwenye programu moja. Hatukurudi kwenye msimbo wa zamani uliosokotana, ambao kwa kweli ndio uliotukimbiza tangu mwanzo. Tuliweka moduli, na kila moduli ikapewa `SCHEMA` yake, yaani eneo lake la majedwali, ndani ya PostgreSQL ileile: `mapokezi`, `ghala`, `malipo`. Moduli ya malipo hairuhusiwi kusoma majedwali ya ghala, inapita kwenye kazi zilizotangazwa tu, na jaribio la kiotomatiki linakataa msimbo unaovunja mpaka huo. Mipaka tuliyoitafuta kwenye mtandao tukaipata hapo, huku `BEGIN` na `COMMIT` zikiendelea kuzifunika zote tatu, kwa kuwa ni kanzidata moja. Kwa timu ya watu watano sioni sababu ya kuanza na kitu kingine. Mkiwa watu hamsini mnaosubiriana kupandisha toleo, mzani unaweza kuegemea upande mwingine, na bado ningeuliza kwanza ni namba zipi ambazo haziruhusiwi kutofautiana hata kwa sekunde moja, kisha nizifungie nyumba moja.

Kipande cha saba, kinachopeleka orodha ya malipo benki, tumekiacha nje pamoja na meseji. Hicho hakikuwahi kuwa salama hata enzi za programu moja, maana kanzidata ya benki haijawahi kuwa ndani ya muamala wetu. Tulikuwa tunatuma faili na kuamini limefika. Kikasha na `kumbukumbu` tulizozijenga kwa ajili ya ghala sasa zinafanya kazi huko, na orodha ikitumwa mara mbili, ya pili inakataliwa kabla shilingi haijatoka.