Asilimia 42 Ilitoka Wapi?

Wiki iliyopita niliketi nyuma ya chumba kimoja hapa Kisumu nikimsikiliza binti wa jirani yangu akitetea tasnifu yake ya uzamili. Jopo lilimhoji karibu saa nzima. Waliuliza kuhusu pambizo, kuhusu majedwali yasiyo na vichwa, kuhusu marejeleo yaliyokosa mwaka. Hakuna aliyegusa sentensi ya kwanza ya sura ya mjadala, ambayo ndiyo iliyobeba tasnifu nzima: "Matokeo yanathibitisha kwamba mikopo ya chama imeongeza mapato ya wanawake wachuuzi wa samaki kwa asilimia 42." Nilitoka pale na hasira, na wala si hasira ya kumkasirikia yeye.

Jioni alikuja kwangu na nakala yake. (Ameniruhusu kuandika haya, namba nimezibadilisha kidogo.) Nikamwambia, "Mwanangu, turudi sura ya nne tuitafute hiyo 42." Tukaikuta kwenye jedwali la uhusiano kati ya kiasi cha mkopo na mapato ya mwezi: wanawake 120, r = 0.42, p < 0.01. Kumbe ilikuwa r. Sasa, r haisemi kitu kimeongezeka kwa asilimia ngapi. Inapima jinsi vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja, kuanzia -1 hadi 1. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata takriban 0.18, maana yake tofauti za mikopo zinaendana na asilimia 18 hivi ya tofauti za mapato. Hakuna shilingi iliyoongezeka popote katika hesabu hiyo.

Hilo linasahihishwa kwa dakika moja. Lililoniuma zaidi ni neno "imeongeza". Hojaji yake ilijazwa mara moja tu, kila mama akitaja mkopo wake na mapato yake siku hiyo hiyo. Mapato ya kabla ya mkopo hayamo. Atajuaje kipi kilitangulia?

Na jibu la kinyume lilikuwa ndani ya tasnifu yenyewe. Kurasa chache baada ya jedwali lile, mama mmoja anaeleza kanuni ya chama chao: mtu anakopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake. Nilimwomba binti aisome kwa sauti. Akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, basi mwenye mapato makubwa ndiye anayeweka akiba kubwa, na ndiye anayekopa zaidi." Ndivyo. Kanuni hiyo peke yake inatosha kuzaa uhusiano ule hata kama mkopo haujamwongezea mtu chochote. Data yake mwenyewe ilikuwa inampinga, naye akaipita kwa sababu mahojiano aliyaweka chini ya lengo la tatu na jedwali chini ya lengo la kwanza. Kila lengo lilijadiliwa kivyake, kama watu wasiosalimiana.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba uhusiano upo. Kama mkopo na mapato havingehusiana kabisa, ingekuwa nadra kupata r kubwa hivyo kwa bahati tu. Lakini p ndogo haijui mshale unaelekea wapi. Wala aya nne zilizofuata, za "matokeo haya yanaafikiana na" fulani na fulani, hazikusaidia, kwa kuwa tafiti alizozitaja nazo zilipima mara moja tu. Wachuuzi wasio wanachama hakuwahoji hata mmoja, na bado alimalizia kwa kuishauri kaunti iwaingize wanawake wote kwenye vyama.

Tulichofanya usiku ule ni kazi ya penseli. Alipigia mstari kila kitenzi cha kudai: imesababisha, imechangia, imeboresha, inathibitisha. Pembeni ya kila kimoja akaandika namba ya jedwali au ukurasa wa mahojiano unaokibeba. Palipobaki patupu, dai lilifutwa. Palipokuwa na jedwali lisilotosha, kitenzi kilishushwa. Tulipofika saa tano, ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari kumi na moja, na minne tu ndiyo iliyosimama.

Aliniuliza kama angeweza kuidhibiti akiba, yaani kuiondoa athari yake kwenye hesabu, katika programu ya takwimu ya SPSS na kuiokoa "imeongeza". Nikamwambia ajaribu, ila ajue kwamba akiba na mkopo vimefungwa pamoja na kanuni ile ya mara tatu, hivyo kuvitenganisha kwa watu 120 ni vigumu, na bado swali la kipi kilitangulia litabaki palepale.

Asubuhi alinitumia sentensi mpya: "Wanawake waliokopa zaidi walikuwa na mapato makubwa zaidi (r = 0.42), hata hivyo, kwa kuwa mkopo hutegemea akiba, utafiti huu hauwezi kubainisha iwapo mkopo uliongeza mapato au mapato ndiyo yaliyoruhusu mkopo." Msimamizi wake amemrudishia na neno moja pembeni: "Dhaifu." Nimemwomba binti anipangie siku tukamwone pamoja, na aje na ukurasa ule wa mama wa chama.