Nani kawaambia TCP 53 ni ya kufungwa?

Wiki hii nimeletewa tena ripoti ya ukaguzi wa usalama yenye ule mstari ninaoujua kwa moyo: poti 53 ya DNS iachwe wazi kwa UDP, TCP ifungwe, kwa kuwa TCP ni ya kuhamisha zoni tu. Imegongwa muhuri na kutiwa saini. Na si kweli.

Haya, nakubali: zoni huhamishwa kwa TCP, na seva inayomgawia kila mpita njia zoni nzima haifai. Lakini hilo huzuiwa kwenye seva yenyewe, kwenye BIND ni mstari mmoja wa `allow-transfer`. Kufunga poti kwa ajili ya hilo ni kung'oa ngazi ya nyumba kwa kuwa hata mwizi anaweza kuipanda.

Jibu la DNS lisipoenea kwenye paketi ya UDP, seva hulikata na kuwasha alama ya TC. Maana yake: rudi uniulize kwa TCP. Utaratibu huo umekuwepo tangu enzi za kikomo cha baiti 512, na RFC 7766 ya mwaka 2016 inasema wazi kwamba kuweza kutumia TCP ni lazima. Nyongeza ya EDNS imetupa nafasi zaidi kwenye UDP, kweli, ila tangu 2020 ukubwa unaopendekezwa ni baiti 1232, ili paketi zisivunjwe vipande njiani.

Sasa mtu wa fayawoli ataniambia, "Mbona sisi tumefunga miaka yote na mambo yanakwenda?" Yanakwenda kwa sababu majibu yenu bado ni madogo, bwana. Chukua domeini ya kampuni yoyote yenye idara ya masoko. Ina rekodi ya TXT ya SPF, ile inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua pepe zake, tuseme ya herufi 200. Kila huduma mpya wanayojiunga nayo inadai rekodi yake ya TXT ya kuthibitisha umiliki. Ile ya Google ina herufi 68. Na huwezi kuiomba DNS ikupe SPF peke yake. Ukiuliza TXT ya jina lile, unabebeshwa zote.

Piga hesabu kwa jina fupi kama mfano.example. Kila rekodi ina baiti 13 za ziada, kwa hiyo SPF inakula 213 na kila uthibitisho 81. Kichwa cha ujumbe, swali na rekodi ya EDNS ni 42. Ukiwa na thibitisho 12 unafika 1227: unapita kwa kujibana. Dada wa masoko anaongeza ya 13, jibu linakuwa 1308, na barua pepe za kampuni zinaanza kukwama.

Uchungu ni kwamba hazikwami zote. Kama seva ya domeini inaruhusu majibu ya UDP hadi 4096, mpokeaji ambaye DNS yake bado inaomba 4096 atalipata jibu lote kwa UDP, na barua itaingia. Yule anayeomba 1232 atapewa TC, atagonga TCP, fayawoli itammeza kimya, na seva yake ya barua itashindwa kusoma SPF. Zipo zitakazoijibu barua yako kwa 451, ijaribiwe baadaye. Wakati huo A na MX zinajibu vizuri, `ping` inajibu, na watu wa mtandao wanaapa kwamba hawajagusa kitu. Wanasema kweli! Aliyegusa ni masoko, na hana kosa.

Kulibaini hakuhitaji kikao. Kaa nje ya mtandao wenu, uiulize seva ya domeini moja kwa moja:

```
dig @ns1.mfano.example mfano.example TXT +bufsize=1232 +ignore
dig @ns1.mfano.example mfano.example TXT +tcp
```

Ya kwanza ikionyesha `tc` kwenye flags na ya pili ikaishia kwenye `timed out`, mmeshampata. Lakini msipime kwa `A` mkasema TCP haina kazi. Jibu lenyewe lina baiti chache, litafika tu.

Kuna wajanja watakaopandisha kikomo cha UDP badala ya kufungua TCP. Jibu likizidi baiti 1472 kwenye njia ya kawaida ya IPv4, paketi inavunjwa vipande, na fayawoli nyingi huvitupa vipande hivyo. Kufuta thibitisho za zamani ni usafi mzuri, fanyeni, ila mkiweka DNSSEC saini zake zitaijaza nafasi hiyo tena.

TCP ina gharama zake, sikatai: miunganisho inakula kumbukumbu ya seva. Wekeni kikomo cha miunganisho, BIND ina `tcp-clients` kwa kazi hiyo. Na fayawoli iliyo mbele ya seva hiyo, ikiwa tayari inaruhusu majibu kurudi, inataka haya tu:

```
iptables -A FORWARD -p udp --dport 53 -d 192.0.2.53 -j ACCEPT
iptables -A FORWARD -p tcp --dport 53 -d 192.0.2.53 -j ACCEPT
```

Nimeirudisha ripoti ikiwa na matokeo ya `dig` yamebandikwa pembeni ya mstari ule. Mkaguzi anasema atalifikisha kwenye kamati.