Mteja Akihama Kanda, Mauzo Yake ya Zamani Yabaki Wapi?

“Kanda ya mteja tayari ipo kwenye jedwali la wateja. Kwa nini uiandike tena kwenye kila mauzo?”

Wanaouliza hivi wanajua kazi yao. Aliyefundishwa kujenga hifadhidata huambiwa jambo hili kabla ya mengine yote: taarifa moja ikae mahali pamoja. Akikuta kanda imenakiliwa kwenye maelfu ya mistari ya mauzo, anaona uzembe wa mtu aliyeruka somo la kwanza. Nadhani hukumu hiyo inawaonea wanaonakili, japo wanaoipinga nakala wana hoja moja nzito ambayo wahasibu huipuuza mno.

Tuchukue kampuni yenye kanda mbili tu, Kaskazini na Kusini. Robo ya kwanza ya 2024 iliuza milioni 100: Kaskazini 60, Kusini 40. Ndani ya zile 60 za Kaskazini, milioni 9 zilitoka kwa mteja mmoja, namba 417. Ripoti ilichapwa Aprili, na wakuu wa kanda wakalipwa bonasi kwa hesabu hizo. Tarehe 1 Julai mteja huyo akahamishia shughuli zake Kusini, na karani akafanya alichopaswa kufanya:

```sql
UPDATE wateja SET kanda = 'Kusini' WHERE id = 417;
```

Karani hana kosa. Ankara mpya ziende anwani mpya, na mteja ahudumiwe na watu wa Kusini. Lakini Oktoba mtu mwingine akataka kuiona tena robo ya kwanza, akaendesha swali lilelile la Aprili:

```sql
SELECT w.kanda, SUM(m.kiasi)
FROM mauzo m
JOIN wateja w ON w.id = m.mteja_id
WHERE m.tarehe >= '2024-01-01'
  AND m.tarehe < '2024-04-01'
GROUP BY w.kanda;
```

Safari hii jibu ni Kaskazini 51, Kusini 49. Hakuna mauzo yaliyoguswa. Kiasi na tarehe vinatoka kwenye jedwali la mauzo, ambalo halijabadilika, ila kanda inaulizwa kwa jedwali la wateja, na jedwali hilo lina jibu moja tu: la leo. Linaulizwa kuhusu Februari, linajibu kuhusu Oktoba.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jumla bado ni 100. Mtu anayekagua ripoti huanza chini, kwenye mstari wa jumla. Akiona imelingana na leja, hutulia na kwenda kwenye kazi nyingine. Kosa la kuhesabu mauzo mara mbili au la kusahau mwezi mzima lingegundulika siku hiyohiyo, kwa sababu jumla ingekataa kulingana. Hili halina dalili hiyo. Kila alichopoteza Kaskazini kimeokotwa na Kusini, shilingi kwa shilingi, kwa hiyo ukaguzi wote unaotegemea jumla unalipitisha. Linaweza kuishi miaka bila mtu kulishuku, mpaka siku mkuu wa Kaskazini atakapoleta karatasi yake ya Aprili kwenye kikao na kuonekana ndiye mwenye namba za kutunga. Ukitaka kujua kama nawe limekupata, tafuta ripoti ya zamani iliyohifadhiwa kama faili, endesha swali lake upya, kisha toa namba za zamani kwenye mpya, kanda kwa kanda. Tofauti za kanda zikijumlishwa zikawa sifuri, huku zenyewe si sifuri, basi wateja wamehama na historia imehama nao.

Sasa hoja ya upande wa pili. Tuseme robo ya tatu hakuna kilichobadilika sokoni: kila mteja amenunua kiasi kilekile, na 417 amenunua milioni 9 zake akiwa Kusini. Ripoti inayotunza historia itasema Kaskazini imeshuka kutoka 60 hadi 51, yaani asilimia 15, na Kusini imepanda kutoka 40 hadi 49, asilimia 22.5. Mkuu wa Kusini atapongezwa kwa kukua ambako hakukuletwa na yeyote. Ripoti inayoandika upya historia itasema 51 na 51, 49 na 49: hakuna kilichokua, hakuna kilichoshuka. Kwa anayeuliza “wateja walio mikononi mwetu leo wanaendeleaje?”, huo ndio ukweli, na namba zilizotunzwa zitamdanganya. Anayepanga malengo ya mwaka ujao naye anahitaji kujua wateja wa sasa wa Kusini walinunua nini huko nyuma, hata kama enzi hizo walikuwa wa kanda nyingine.

Naikubali hoja hiyo, ila tuangalie inadai nini. Inadai kwamba mtazamo wa leo uwepo. Haidai kwamba mtazamo wa wakati ule ufutwe. Na hapa pande mbili hazilingani: ukitunza kanda ya wakati wa mauzo, mtazamo wa leo bado unaupata, kwa sababu jedwali la wateja lipo palepale. Usipoitunza, siku ya `UPDATE` ile neno “Kaskazini” linapotea, na hakuna swali lolote la SQL litakalolirudisha. Bonasi ya Aprili imeshalipwa kwa namba ambayo mfumo wenyewe hauwezi tena kuionyesha.

Turudi kwa lile somo la kwanza. Kanuni za kupanga majedwali zilizotoka kwa Edgar Codd mwanzoni mwa miaka ya 1970 hazikatazi kuandika neno mara mbili. Zinakataza kuandika jambo lilelile mara mbili. Kipimo chake ni utegemezi: ukijua namba ya mteja, je, unaijua thamani ya safu hii? Kwa kanda ya leo, ndiyo, kwa hiyo mahali pake ni jedwali la wateja. Kwa kanda iliyobeba mauzo fulani, hapana. Kujua kwamba mnunuzi ni 417 hakukwambii kitu mpaka ujue pia alinunua lini. Hiyo ni sifa ya mauzo yenyewe, sawa na bei. Sijawahi kuona mtu akitaka bei ifutwe kwenye ankara eti kwa kuwa ipo kwenye orodha ya bidhaa. Kila mtu anaelewa kwamba bei ya orodha itapanda kesho na ankara ya jana haipaswi kupanda nayo.

Njia rahisi kuliko zote basi ni hii: ongeza safu moja kwenye mauzo, iite `kanda_ya_mauzo`, na ijazwe mauzo yanapoingizwa. Ripoti za kipindi zinajumlisha kwa safu hiyo, na jedwali la wateja haliulizwi tena kuhusu kanda. Mitego ni miwili. Mauzo ya tarehe 28 Juni yakiingizwa tarehe 3 Julai, mfumo ukinakili kanda iliyopo wakati huo utaandika Kusini. Kanda ifuate tarehe ya mauzo, si siku ya kuingiza. Mtego wa pili ni bidhaa zilizorudishwa. Mzigo wa milioni 2 uliouzwa Mei ukirudishwa Agosti, na marejesho yakapewa kanda ya leo, Kusini itakatwa milioni 2 ambazo haikuwahi kuzipata. Marejesho yarithi kanda ya mauzo yanayofutwa.

Mtego ule wa kwanza ndio unaowasukuma wengine kwenye njia ya pili, jedwali la historia: kila mteja ana mstari kwa kila kipindi, wenye tarehe ya kuanzia na ya kukoma. Ralph Kimball, aliyeeneza namna hii ya kupanga maghala ya data, aliziita njia hizi kwa namba. Kufuta na kuandika juu ni aina ya 1, kuongeza mstari mpya ni aina ya 2. Mteja 417 atakuwa na mstari wa Kaskazini unaokoma 2024-07-01 na wa Kusini unaoanza siku hiyohiyo, wenye mwisho wa mbali kama 9999-12-31. Ripoti inaunganisha hivi:

```sql
JOIN historia_kanda h
  ON h.mteja_id = m.mteja_id
 AND m.tarehe >= h.kuanzia
 AND m.tarehe < h.hadi
```

Alama ile ya `<` peke yake, bila `=`, ndiyo inayobeba kazi. Ukiweka `BETWEEN`, ambayo huhesabu ncha zote mbili, mauzo ya tarehe 1 Julai yatagusa mistari yote miwili na kuhesabiwa mara mbili. Ukiacha pengo la siku moja kati ya mistari, mauzo ya siku hiyo yatapotea kabisa. Afadhali hapa jumla inasaidia: ifananishe na jumla ya mauzo kabla ya kuunganisha, na ikizidi au kupungua, kuna tarehe zinazopandana au zilizoacha mwanya.

Njia hii inajua mengi zaidi, na inafaa pale sifa nyingi za mteja zinapobadilika pamoja. Ila inamtaka kila anayeandika ripoti akumbuke masharti yale ya tarehe, kila mara. Kwa kampuni yenye sifa moja tu inayosumbua, ningeweka safu kwenye mauzo na kulala usingizi. Kuhifadhi ripoti yenyewe kama faili kila mwisho wa mwezi ni jambo jema pia, ila faili haiwezi kujibu swali ambalo halikuulizwa siku ile.

Vyovyote utakavyochagua, karani apewe njia mbili tofauti za kubadilisha kanda. Mteja aliyehama abadilishwe kuanzia tarehe fulani, na ya nyuma yasiguswe. Mteja aliyeandikwa Kaskazini kwa makosa tangu mwanzo asahihishwe mpaka nyuma kabisa, maana hapo historia ilikuwa ya uongo na inastahili kuandikwa upya. Kwenye skrini mambo haya mawili yanafanana, na kitufe kimoja kinachofanya yote mawili kitakosea moja.

Kwa mauzo yaliyokwisha kuingia kabla safu haijawepo, jaza kutoka nakala rudufu za hifadhidata, au kutoka ripoti zilizochapwa zenye majina ya wateja. Mauzo yasiyo na ushahidi wowote yaandikwe “haijulikani” na yaonekane hivyo kwenye ripoti, hata kama mkuu wa kanda atalalamika kuhusu mstari wa tatu usio na mwenyewe. Ukiyajaza kwa kanda ya leo, hakuna atakayeweza kutofautisha ulichokijua na ulichokikisia.