"Kalala vizuri" si tathmini: kuiandika upya noti ya zamu ya wodi ya wazazi

Noti ya kukabidhiana zamu katika wodi nyingi za wazazi hapa Unguja na Pemba huwa hivi. Mfano huu ni wa kubuni, lakini aliyewahi kushika daftari la zamu ataitambua lugha yake:

"Kitanda 6: kajifungua jana salama, presha ilikuwa juu, yupo kwenye magnesiam. Mkojo unatoka. Usiku kalala vizuri. Dozi nyengine saa 4. Vaitali zipo kwenye chati. Aangaliwe kwa karibu."

Hapana uongo hata mmoja humo. Hata hivyo nesi wa asubuhi akiisoma saa moja na nusu hajui afanye nini kwanza, na mambo mawili ndani yake yanaweza kumdhuru mzazi.

La kwanza ni "saa 4". Tunazungumza saa za Kiswahili lakini chati tunajaza kwa saa 24, na noti imekaa katikati ya lugha hizo mbili. Saa 4 hapo inaweza kuwa saa nne asubuhi, yaani 10:00. Inaweza kusomwa 04:00, na msomaji akadhani dozi imeshapita. Tena inaweza kueleweka kuwa ni kila baada ya saa nne, kwa sababu magnesiam salfeti ya sindano ya nyama hutolewa hivyohivyo: gramu 5 kila saa nne, tako hili kisha lile. Dawa nyengine zinasamehe kosa la saa chache. Hii haisamehi, kwa kuwa dozi mbili zikikaribiana hulimbikizana mwilini, na ikirukwa moja, mzazi anaweza kupata degedege wakati sote tunaamini amekingwa.

La pili ni "kalala vizuri". Kwa mzazi aliye kwenye magnesiam, usingizi mzito unaweza kuwa ndiyo dalili yenyewe. Dawa ikizidi, goti huacha kuruka linapogongwa, mgonjwa huwa mzito na anaongea kwa kuvuta maneno, kisha pumzi hupungua. Kinachotakiwa kuandikwa ni kama akiitwa anaitika mara moja, anapumua mara ngapi kwa dakika, na goti linaruka au haliruki.

Sasa kuna mpango wa kuigawa noti ya zamu kwa vichwa vinne: hali, historia, tathmini na pendekezo. Mpango huu ulitokana na mawasiliano ya manowari za nyuklia za Marekani, ukaingizwa hospitalini kule Colorado mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuikata noti yake ya zamani vipande vinne na kuvibandika vichwa juu yake. "Presha ilikuwa juu" inahamia kwenye historia, "aangaliwe kwa karibu" inakuwa pendekezo, na noti inabaki ileile ikiwa imevaa kanzu mpya. Ushauri wangu ni kuanza kuandika kutoka chini. Jiulize kwanza: nataka mwenzangu afanye nini kabla ya saa nne asubuhi? Ukishalijibu hilo, ndipo utajua tarakimu zipi zipande juu na zipi zibaki kwenye chati.

Kwa mzazi huyu, chati, ambayo noti ya zamani iliitaja tu kwa "zipo kwenye chati", inaonyesha kuwa kuanzia 02:00 mpaka 06:00 alitoa mililita 140 za mkojo. Kiwango cha chini cha kuendelea na dozi ni mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne, kwa hiyo dozi ya 06:00 ilitolewa kihalali. Lakini kutoka 06:00 mpaka 07:00 zimetoka mililita 15 tu. Magnesiam hutolewa mwilini na figo, na mkojo ukipungua dawa inabaki ndani. Noti ya zamani iliandika "mkojo unatoka", na kweli unatoka.

Ikiandikwa upya inakuwa hivi:

Hali. Majina matatu na namba ya faili, kitanda 6. Yupo kwenye magnesiam salfeti, na mkojo umepungua: mililita 15 kati ya 06:00 na 07:00. Saa 07:00: presha 154/102, pumzi 16 (saa 06:00 zilikuwa 18), goti linaruka lakini kidogo kuliko usiku. Anaitika akiitwa. Kichwa hakimuumi.

Historia. Mimba ya kwanza, presha kali ya mimba, hajapata degedege. Kajifungua kawaida jana saa 10 jioni (16:00). Dozi ya kuanzia jana saa 8 mchana (14:00): gramu 4 mshipani na gramu 10 matakoni. Kisha gramu 5 kila saa nne. Ya mwisho leo 06:00, tako la kulia. Dawa inakwisha leo 16:00.

Tathmini. Nahofia magnesiam inaanza kulimbikizana. Mpira wa mkojo nimeuangalia, haukukunjwa wala haukuziba. Kizazi ni kigumu na damu ni kidogo, kwa hiyo sidhani kuwa mkojo umepungua kwa kupoteza damu.

Pendekezo. Daktari amwone sasa, asisubiri raundi. Mkojo, pumzi na goti vipimwe kila saa, kuanzia 08:00. Dozi ya saa 4 asubuhi (10:00), tako la kushoto, isitolewe ikiwa mkojo wa saa nne haujafika mililita 120, au pumzi ni chini ya 16, au goti haliruki. Kalsiam glukoneti gramu 1 na mfuko wa kupumulishia viwe kando ya kitanda. Presha ikifika 160/110, aitwe daktari hapohapo.

Tathmini ndiyo sehemu inayoachwa tupu au kujazwa "mgonjwa anaendelea vizuri". Sababu naijua: nesi anaona kutathmini ni kazi ya daktari, na kumwandikia mkubwa "nahofia" kunaonekana utovu wa adabu. Sikubaliani. Neno "nahofia" halijatoa utambuzi wa ugonjwa. Limesema tu kile alichokiona mtu aliyekaa na mzazi usiku kucha, na hapana mwengine wa kukisema. Kuuangalia mpira kwanza pia ni tathmini, maana mpira uliolaliwa na paja hutoa tarakimu zilezile za kutisha, na daktari ataliuliza hilo kabla ya jengine lolote.

Majina matatu na namba ya faili nimeviweka makusudi. Katika wodi zetu, kuwa na akina Fatma Juma wawili usiku mmoja si ajabu, na wazazi huhamishwa vitanda kila nafasi inapopatikana.

Sitaki noti ya namna hii kwa kila mzazi. Wodi ya watu 20 ikiandikiwa vichwa vinne kila kitanda, zamu itakabidhiwa mpaka adhuhuri, na yule mmoja wa hatari atapotea katikati ya karatasi. Aliyejifungua salama na anasubiri ruhusa anatosha mstari mmoja. Vichwa vinne ni vya yule ambaye kitu chake kimebadilika, au dawa yake ina masharti.

Anayepokea naye asiitikie kwa "sawa" peke yake. Arudishe kwa mdomo vitu viwili, saa na sharti: "Saa nne asubuhi, yaani 10:00, tako la kushoto, na sitoi kama mkojo haujafika 120." Akisema "saa nne usiku", mtalisahihisha palepale, wote wawili mkiwa bado mmesimama kitandani.