Mkopo wa miaka mitatu au saba: laki na nusu ya kila mwezi inanunuliwa kwa bei gani?

"Boma letu limeishia kwenye lenta. Nataka kukopa milioni 10 tupaue. Afisa mikopo anasema nikichukua miaka 7 makato ni laki mbili na kidogo tu, lakini mume wangu anataka tuchukue 3 tumalize mapema. Mshahara wangu wa msingi ni laki 9, mkononi napokea kama 718,000. Nimsikilize nani?"

Mwalimu mwenzangu, wote wawili wana hoja, ila kila mmoja ameshika upande mmoja wa hesabu. Tuiweke mezani yote. Nachukulia riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, bila kuweka ada na bima.

Ukichukua miezi 36, rejesho la mwezi ni kama 356,500, na hadi unamaliza utakuwa umelipa riba ya milioni 2.83. Ukichukua miezi 84, rejesho linashuka hadi 204,400, lakini riba inapanda hadi milioni 7.17. Kwa hiyo nafuu ya 152,000 kwa mwezi unainunua kwa milioni 4.3. Kwa hesabu hiyo peke yake mumeo ameshinda.

Sababu ya pengo hilo inaonekana kwenye rejesho la kwanza kabisa. Mwezi wa kwanza riba ya milioni 10 ni 141,700, uwe umechagua miaka mitatu au saba. Anayelipa 356,500 anabakiwa na 214,800 ya kupunguza deni lenyewe. Anayelipa 204,400 anapunguza 62,700 tu. Mwezi unaofuata, yule wa kwanza anatozwa riba kwenye deni lililoshuka vizuri, wa pili anatozwa karibu kwenye milioni 10 ile ile. Miaka mitatu ikifika, wa miezi 36 amemaliza. Wa miezi 84 atakuwa ameshakatwa zaidi ya milioni 7.3, na bado anadaiwa takriban milioni 7.08. Nimewaona watumishi wakipewa taarifa ya salio kama hilo wakadhani benki imekosea. Haijakosea.

Sasa upande wa afisa mikopo, ambao si wa kupuuzwa. Miezi 36 itakuachia kama 361,500 mkononi. Kisheria inapita, kwa sababu theluthi ya mshahara wako wa msingi, yaani 300,000, inabaki. Lakini theluthi ni mpaka wa kisheria, haijui una watoto wangapi. Nauli, gesi, unga, umeme na ada za watoto vinaingia kwenye 361,500 hiyo, na mtoto akiugua tarehe 18 hakuna pa kuchukua. Hapo ndipo watu wanapoingia kwenye mikopo ya kausha damu. Laki mbili kwa mkopeshaji anayetoza asilimia 20 kwa mwezi ni 40,000 kila mwezi bila deni lenyewe kupungua hata shilingi. Mtu aliyebanwa na rejesho la benki la asilimia 17 kwa mwaka anajikuta analipa asilimia hiyo na zaidi kwa mwezi mmoja mtaani. Ukifika huko, uokoaji wote wa muda mfupi umeliwa. Kwa hiyo mwenye kusema "chukua mfupi, vumilia" anapaswa kwanza aulize unavumilia kwa akiba ipi.

Lakini ubishi wenu umesimama kwenye miaka 3 na 7 kana kwamba katikati hakuna kitu, na jibu liko katikati. Angalia kila mwaka unaouongeza unakupa nini. Ukitoka miezi 36 kwenda 48, rejesho linashuka kwa 68,000 (linakuwa 288,600), na riba inaongezeka kwa milioni moja na kidogo. Ukitoka 48 kwenda 60, linashuka kwa 40,000. Ukitoka 60 kwenda 72, kwa 26,000. Na mwaka wa mwisho, kutoka 72 kwenda 84, unapata nafuu ya 18,000 tu kwa mwezi, huku riba ikiongezeka kwa milioni 1.15. Yaani bei ya kila mwaka unaouongeza inapanda polepole, lakini unachopewa kinapungua haraka sana. Mwaka wa kwanza wa nyongeza ni biashara inayoeleweka kwa mwenye familia. Ule wa saba unalipa zaidi ya milioni moja ili upate 18,000 kwa mwezi, sawa na kama 600 kwa siku.

Wapo wanaosema shilingi inapungua thamani, kwa hiyo laki mbili ya mwaka wa saba itakuwa nyepesi. Ingekuwa na nguvu kama mfumuko wa bei ungekuwa karibu na riba. Nchini Tanzania mfumuko wa bei wa mwaka 2024 ulikuwa takriban asilimia 3, na wewe unakopa kwa 17. Nyongeza za mshahara nazo ni za kuombea, si za kupangia deni.

Njia nyingine inayosifiwa ni kuchukua miaka 7 kisha kulipa zaidi ukipata. Kwenye karatasi ni nzuri kuliko zote, kwani mwezi mgumu unalipa kidogo na mwezi mzuri unapunguza deni. Ina mitego miwili. Makato yanatoka kwenye mshahara kabla hujauona, lakini ile ziada lazima uipeleke mwenyewe, na wengi hawaipeleki. Pili, muulize afisa swali moja kabla ya kusaini: nikileta laki tano mwakani, zitapunguza deni la msingi siku hiyo hiyo, au zitawekwa zisubiri marejesho yajayo? Zikisubiri, hazikuokolei riba. Na kama riba yenyewe haipungui na salio, bali imepigwa kwenye milioni 10 yote kwa miaka yote, basi kulipa mapema kunaweza kukusaidia kidogo sana, na miaka 7 kwa asilimia 17 ya aina hiyo ni riba ya milioni 11.9. Dai jedwali la marejesho lililochapishwa. Kama safu ya riba haishuki mwezi hadi mwezi, umeshajua ni mkopo wa aina gani.

Kwa mshahara wako na kwa kazi ya kupaua, mimi ningechagua miezi 48. Unabaki na kama 429,400. Bati halikuletei pato la kulipia mkopo, ila mkihamia mtaacha kulipa kodi ya pango, na hiyo itaziba sehemu ya 288,600. Kama pango lenu ni dogo, au una mzazi anayekutegemea kijijini, nenda miezi 60 bila aibu. Zaidi ya hapo, punguza kiasi cha mkopo badala ya kurefusha muda: paua nyumba nzima kwa milioni 7, madirisha na dari vije baadaye.

Na kabla hujasaini, fanya hivi kwa miezi mitatu kuanzia mshahara ujao: siku ile ile mshahara unapoingia, hamishia 288,600 kwenye akaunti ambayo haina kadi, kisha ishini na kilichobaki. Mkigusa zile fedha mwezi wa kwanza au wa pili, miezi 48 ni mifupi kwenu. Msipozigusa, mtakuwa na karibu laki 8 na elfu 66, na mtaenda benki kuomba milioni 9 na laki moja na nusu badala ya 10.